Anza na mkia wa neno: jibu kwa mdogo wangu anayekuja kusoma Uturuki

"Shikamoo dada. Nimepata nafasi: Septemba naanza mwaka wa lugha, halafu uhandisi kwa Kituruki. Tangu barua ije nakariri maneno kwenye simu, nimefika kama mia nne, ila nikifungua tamthilia sishiki hata sentensi moja. Rafiki yangu anasema nisihangaike, Kituruki kimejaa Kiarabu kama Kiswahili, kitaingia chenyewe. Mwalimu mmoja hapa anasema ni kigumu mno kwa Mwafrika. Nimwamini nani? Nianzie wapi? Na nikifika, nikae mbali na Wabongo?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Usimwamini hata mmoja wao. Mwalimu wako anazungumza kana kwamba sote tulizaliwa tukiongea Kiingereza. Rafiki yako ameona maneno machache yanayofanana akadhani ameiona lugha nzima. Mimi nasomea isimu na kila mwaka nawafundisha wageni wanaoanza. Ninachokiona darasani ni kwamba anayejua Kiswahili vizuri ana faida kubwa hapa, ila haiko pale rafiki yako anapoitafuta.

Tuanze na tamthilia. Simu imekufundisha kwamba kwenda ni "gitmek". Hilo ni umbo la kamusi. "-Mek" au "-mak" ya mwisho ni sawa na "ku-" yetu. Sasa jiulize: Mtanzania akiongea, unasikia "kwenda" tupu mara ngapi? Unasikia "nakwenda", "hajaenda", "twende", "angeenda". Kituruki nacho ndivyo kilivyo. Kwenye tamthilia utasikia "gidiyorum" (ninakwenda), "gitmedi" (hakwenda), "gidelim" (twende). Zaidi ya hayo, waigizaji wanameza silabi kama watu wote. "Geleceğim", nitakuja, hutamkwa "gelicem". "Ne yapıyorsun", unafanya nini, hutoka "napıyosun". Neno lako la kukariri lilikuwemo mle ndani, ila lilikuwa limevaa mkia na kukatwa mguu. Ukiongeza maneno mia nne mengine kwa njia ileile, bado hutaelewa.

Kwa hiyo usikariri maneno. Jifunze jinsi yanavyoungwa. Hapo ndipo Kiswahili chako kinapoanza kukulipa.

Chukua neno moja zima: "anlaşmayacağız". Mwenzako aliyezoea Kiingereza akiliona anafunga daftari. Wewe litazame pamoja na "hatutaelewana". Kiswahili kimeunga vipande vitano: ha (kukanusha), tu (sisi), ta (wakati ujao), elewa (mzizi), na (kutendeana). Kituruki nacho kina vitano, na ni vilevile: anla (elewa), ş (na), ma (ha), yacağ (ta), ız (tu). Hakuna kilichopungua wala kilichozidi, tofauti ni mpangilio. Sisi tunatanguliza kanusho, mtu na wakati, ndipo mzizi uje. Wao wanaanza na mzizi, kisha wanashusha kila kitu nyuma yake, na mtu anakaa mwisho kabisa. Ni kama kuitazama fulana yenye maandishi kwenye kioo: herufi zote zipo, zimegeuka upande.

Inafurahisha zaidi kwenye vinyambulisho, kwa sababu hapo hata upande haugeuki. Sisi na wao tunaviweka nyuma ya mzizi. Sisi tuna kuona, kuonana, kuonekana, kuonyesha. Wao wana "görmek", "görüşmek", "görünmek", "göstermek". Ndiyo maana mkiagana utaambiwa "görüşürüz", yaani tutaonana. Kuelewa ni "anlamak", kuelewana "anlaşmak", kueleweka "anlaşılmak". Mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji vitenzi tofauti kwa mambo haya, na darasani yanamtesa. Wewe umezaliwa nayo. Ukijifunza mzizi mmoja, uliza papo hapo: kutendeana kwake kukoje, kutendesha kwake kukoje? Maneno manne unayapata kwa bei ya moja.

Utaambiwa pia kwamba kitu cha kutisha ni upatanifu wa irabu. Kituruki kina irabu 8, na mikia hubadilika kufuata irabu ya mwisho ya neno. Nyumba ni "ev", nyumba nyingi "evler". Kitabu ni "kitap", vitabu "kitaplar". Irabu e, i, ö, ü hutamkwa mbele ya kinywa na huvuta mkia wenye e. A, ı, o, u hutamkwa nyuma na huvuta mkia wenye a. Inaonekana ngeni, lakini niambie: kwa nini unasema "pikia" na "andikia" lakini "somea" na "pelekea"? Kwa nini "pikisha" lakini "somesha"? Hakuna aliyekufundisha kwamba baada ya e na o kiambishi kinakuwa e. Mdomo wako unakwenda wenyewe kwenye irabu inayofanana. Kituruki kimefanya hivyo kwenye karibu mikia yote, basi. Usikae na jedwali. Tamka kwa sauti "evde, okulda, evden, okuldan" mpaka "okulde" ikukere masikio kama "somia" inavyokukera.

Kabla ya hapo lakini kuna irabu tatu ambazo sisi hatuna, na hizi zitengenezee mdomo ukiwa bado nyumbani. Kupata "ü", sema "i", halafu bila kuusogeza ulimi viringisha midomo kama ya "u". Kupata "ö", sema "e", kisha viringisha midomo kama ya "o". "ı", ile isiyo na nukta, ni kinyume chake: sema "u", halafu ulegeze midomo iwe bapa. Si mapambo haya. "On" ni kumi, "ön" ni mbele. "Sınır" ni mpaka, "sinir" ni hasira au neva. Kuna pia "sıkıldım", nimechoka na hali hii, ambalo vijana wanalitumia kutwa; ukiliandika au kulitamka kwa "i" yenye nukta linakuwa tusi zito, la kukufukuzisha sebuleni kwa watu. Leo hii weka kibodi ya Kituruki kwenye simu yako na uache kuandika kwa herufi za Kiingereza. Herufi nyingine hazina shida: tangu 1928 wanatumia herufi za Kilatini, 29, na neno husomwa karibu kama lilivyoandikwa. C ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh, na ğ kwa kawaida haitamkwi, inarefusha tu irabu iliyotangulia.

Sasa mahali Kiswahili kitakapokuponza, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa haya nayasahihisha kwa Waswahili kila mwaka na hayawapati wengine sana.

La kwanza ni "-ni" yetu. Sisi tunasema niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. "Nyumbani" haibadiliki, kitenzi ndicho kinachoeleza kama unakwenda au unatoka. Kituruki kinataka jina lenyewe liseme: "evdeyim" niko nyumbani, "eve gidiyorum" naenda nyumbani, "evden geliyorum" natoka nyumbani. Mswahili akishajua "-de" huing'ang'ania kila mahali, akasema "evde gidiyorum", na Mturuki anabaki anajiuliza unakwendaje ukiwa ndani. Dawa yake ni kutojifunza kitenzi peke yake. Andika "-e gitmek", "-den gelmek", "-de oturmak". Ukifika "-den korkmak" (kuogopa) na "-e bakmak" (kutazama), utashukuru, maana hapo hakuna mantiki ya mwendo itakayokuokoa. Waogopa "kutoka kwa" mbwa, na watazama "kwenda kwa" picha.

La pili ni mkia wa kitendwa, ambao kwa bahati nzuri Kiswahili kinakupa ufunguo wake. "Kitap okudum" ni nilisoma kitabu, kitabu chochote. "Kitabı okudum" ni nilikisoma kitabu, kile tunachokijua mimi na wewe. Umeona? Ile "ki" unayoichomeka kwenye kitenzi kuonyesha kwamba kitu kinajulikana, wao wanaiweka kama "ı" kwenye mkia wa jina. (P imegeuka b kwa sababu imefuatwa na irabu, ndivyo pia "git-" inavyokuwa "gid-".) Ukisita kama uweke mkia au usiweke, jiulize tu: kwa Kiswahili ningesema "nilisoma" au "nilikisoma"? Mara nyingi jibu litakuwa sahihi.

La tatu ni dogo lakini linachekesha watu. Baada ya namba jina halichukui wingi: "iki kitap", si "iki kitaplar". Na saa zao hazihesabiwi kuanzia alfajiri kama zetu. "Saat sekiz" ya asubuhi ni saa mbili yetu. Kila mwaka kuna mmoja anayekosa mtihani wa kwanza kwa hesabu hii.

Kuhusu Kiarabu cha rafiki yako: ni kweli utakuta "kitap", "hesap", "cevap", "dünya", na "dakika" ambayo haijabadilika hata herufi. Yatakusaidia kusoma mabango na gazeti. Lakini maneno yamehama na kila moja limekaa kwa desturi za nyumba yake. "Misafir" si msafiri, ni mgeni aliyekuja kwako. "Hata" yao si hata yetu; ni neno jingine la Kiarabu, na maana yake ni kosa. "Merhaba" ni salamu ya yeyote kwa yeyote, hivyo usishangae mtoto akikuanza kwayo kana kwamba wewe ndiye uliyemwamkia. Isitoshe, hayo ni majina tu. Hakuna hata moja litakalokuonyesha mkia upi uweke. Yachukue kama nyongeza, usiyategemee.

Baada ya hayo, nianzie wapi, umeuliza. Hizi wiki zilizobaki chagua vitenzi 20 vya kila siku: kuja, kwenda, kuchukua, kutoa, kutaka, kujua, kusema, kungoja na vya namna hiyo. Kila siku kimoja, kwa sauti, ukizunguka nacho hivi: "geliyorum, gelmiyorum, geldim, gelmedim, geleceğim, gelmeyeceğim". Yaani naja, siji, nilikuja, sikuja, nitakuja, sitakuja. Kisha ugeuze uwe swali kwa mwenzako: "geliyor musun?", unakuja? Usiandike kwanza, sema. Ukiona unatulia kufikiria irabu, bado. Ukiona mkia unatoka kabla hujaufikiria, ongeza mtu: yeye, sisi, wao. Habari njema ni kwamba "o" ni yeye, mwanamume au mwanamke, kama kwetu, na hakuna ngeli hata moja ya kupatanisha.

Tamthilia usiiache, ila ubadilishe namna ya kuitazama. Kipindi kimoja huku hupita saa mbili. Hizo si za anayeanza. Kata dakika mbili za mazungumzo ya mezani, washa maandishi ya Kituruki chini, si ya Kiswahili wala Kiingereza, na usikilize mpaka ujue "gelicem" ni "geleceğim" iliyomezwa. Vipindi vya watoto vya TRT Çocuk ni bora zaidi kwa mwanzo, kwa kuwa wanatamka taratibu. Neno likikushinda, litafute kwenye sozluk.gov.tr, kamusi ya Kituruki kwa Kituruki. Mwanzoni itakuchosha, ukifika B1, kiwango cha kati, itakuwa rafiki.

Darasani utaanza A1 na kupanda hadi C1, saa nyingi kila siku, na mpaka A2 utajiona bingwa. Ugumu huja B1, wakati vishazi rejeshi vinapoingia. Sisi tunasema: nyanya nilizonunua sokoni jana. Wao: "dün pazardan aldığım domatesler". Neno kwa neno ni jana, kutoka sokoni, nilizonunua, nyanya. Jina tunalolitanguliza wao wanalingoja mwisho, na kitenzi cha sentensi nzima kinakuja nyuma zaidi. Wengi hapa huanza kutafsiri kichwani, wakipoteza mwanzo kabla mwisho haujafika. Ukisoma unaweza kuanzia mkiani ukarudi nyuma, ila ukisikiliza huwezi. Kwa hiyo zoea mapema kutotafsiri neno linapopita. Liache likae, usubiri kitenzi. Zoezi langu kwa wanafunzi ni kumsikiliza mtu akisoma sentensi moja, kisha kuirudia yote kwa Kituruki bila kuieleza kwa Kiswahili. Anayeweza kuirudia ameishika, hata kama maana inamjia baadaye.

Hapo B1 pia utakutana na mkia "-miş", ambao Wazungu hufundishwa kwa juma zima. Kwako ni maneno mawili: kumbe na eti. "Geldi" amekuja, nimemwona. "Gelmiş" kumbe amekuja, au eti amekuja; sikuwepo.

Sasa Wabongo. Usiwakimbie. Mwaka wa kwanza una baridi, karatasi na upweke, na mtu mwenye upweke hajifunzi lugha, anajifungia na simu. Lakini omba chumba cha bweni chenye Waturuki, kwa sababu usiku ndipo lugha ya kweli inaposemwa: nani amechukua chaja, nani azime taa. Ukipangwa na Watanzania, basi kula na wenzako na toka nje kutafuta Kituruki kila siku. Kozi haitakufunza kusema "kolay gelsin" kwa muuza mboga aliyeinama kupanga nyanya zake, yaani pole na kazi, kisha umwite "abla", dada, au "teyze" kama ni mtu mzima wa rika la mama. Umri wa kumwita mtu nani unaujua tayari kutoka nyumbani. Mgonjwa mwambie "geçmiş olsun", mfiwa "başınız sağ olsun". Pole yetu moja wao wameigawa, usiichanganye msibani. Na kwenye basi dogo la "dolmuş" hakuna kugonga bati. Unasema kwa sauti "müsait bir yerde inecek var", kuna anayeshuka mahali panapofaa. Ifanyie mazoezi ukiwa bado huko, maana hapo dereva hakungoji ufungue daftari.

Kuna jambo la uhandisi ambalo mwaka wa lugha hauligusi vya kutosha. Istilahi nyingi zimeundwa kwa mizizi ya kila siku: "basmak" ni kukanyaga au kubonyeza, na "basınç" ni mgandamizo, "çekmek" ni kuvuta, na "çekme" ni nguvu ya mvuto kwenye nondo. Muhula wa pili azima kitabu cha fizikia cha mwaka wa kwanza, usome kurasa chache kwa juma huku ukitafuta mizizi unayoijua. C1 ya kozi itakupa cheti. Haitakufanya uelewe mhadhiri anayeongea akiwa ameugeukia ubao. Na usome masharti ya barua yako ujue kiwango wanachokudai na tarehe ya mwisho.

Mambo mengine hayafai kujifunzia peke yako. Irabu tatu nilizokutajia zinahitaji sikio la mtu. Simu itakusifia hata ukikosea. Insha nazo zinahitaji mwalimu wa kuzichora kwa kalamu nyekundu. Ukikaa miezi miwili kwenye kiwango kimoja huku unahudhuria kila siku, mfuate mwalimu wako ofisini na umwombe akusikilize ukiongea, kwa sababu mara nyingi tatizo ni moja tu, kama mikia ya "-e" na "-den", na mtu wa nje huliona kwa dakika kumi. Kwenye ofisi ya uhamiaji na hospitali nenda na anayejua lugha mpaka utakapofika B2. Dharura piga 112. Na ukitaka kupanga nyumba, usisaini chochote kwa Kituruki cha A2. Mwenye nyumba anaweza kukupa karatasi ya pili pamoja na mkataba, imeandikwa "tahliye taahhütnamesi". Hiyo ni ahadi ya kuhama tarehe fulani, na mtu anayesoma haraka hudhani ni sehemu ya mkataba. Nipigie kwanza.

Kabla ya Ijumaa nirekodie sauti ukisema "on, ön, sınır, sinir, kul, kül", kisha ile duru ya "gelmek" yote sita bila kusoma. Nitakurudishia nikiwa nimekwambia kipi kimeshindikana.

Dada yako